Odi iliyopandishwa yenye kikomo cha dau: hesabu ya thamani yake halisi

"Wakuu, kampuni ninayobetia imenipa ofa. Ushindi wa nyumbani ulikuwa odi 2.10, wameupandisha hadi 2.60, ila dau mwisho ni shilingi 5,000. Nitajuaje ofa hii ina thamani gani kweli?"

Mkuu, usianze na hiyo 2.60. Anza na uwezekano wa timu kushinda, na utaupata kwenye odi za kawaida za mechi hiyo hiyo. Tuseme nyumbani ni 2.10, sare 3.30 na ugenini 3.60. Gawanya 1 kwa kila odi: unapata 0.476, 0.303 na 0.278. Ukijumlisha inakuja 1.057, na hiyo 0.057 iliyozidi 1 ndiyo faida ambayo kampuni imejiwekea. Sasa gawanya 0.476 kwa 1.057, unabaki na 0.4505. Kwa makadirio hayo, timu ina nafasi ya 45% kushinda, na odi ya haki ni kama 2.22.

Hizo odi za kawaida mimi huzichukua kwenye kampuni nyingine mbili tatu, karibu na mpira kuanza. Sababu ni kwamba hiyo "ilikuwa 2.10" inaandikwa na mwenye ofa. Nimeshaona mechi ambayo kwingine kote nyumbani ilikuwa 2.30, mwenye ofa akaandika kwamba ameipandisha kutoka 2.10. Hapo sehemu ya nyongeza ni mapambo tu.

Ukishapata uwezekano, geuza kila kitu kuwa shilingi. Dau la 5,000 kwa 2.60 likishinda linakupa faida ya 8,000. Likichanika unapoteza 5,000. Zidisha 8,000 kwa 0.4505, kisha toa 5,000 mara 0.5495. Inabaki takriban shilingi 857, sawa na 17% ya dau. Tangazo linapiga kelele kwa asilimia, lakini kwa sababu ya kikomo, 857 ndiyo zawadi nzima uliyopewa. Na ni wastani wa ofa nyingi za aina hii. Mechi hii moja bado una nafasi ya 55% kutoka mikono mitupu.

Halafu kodi. Angalia kwenye mkeka wanakata asilimia ngapi, na wanakata kwenye faida au kwenye malipo yote. Tuchukue mfano wa 10% ya faida: ile 8,000 inakuwa 7,200, na thamani ya ofa inashuka kutoka 857 hadi kama 496. Kodi inakata pale unaposhinda tu, ukipoteza hakuna anayekurudishia, ndiyo maana makato ya 10% yamekula zaidi ya theluthi moja ya thamani. Wangepandisha hadi 2.35 badala ya 2.60, kabla ya kodi ungekuwa na shilingi 290 hivi, na baada ya kodi ungekuwa hasi kwa kama shilingi 10. Yaani ofa ipo, nyongeza ni ya kweli, na bado haikufai.

Soma pia nyongeza inalipwa kwa nini. Kuna kampuni inayokulipa 2.10 kwa fedha taslimu, kisha tofauti, hapa ni shilingi 2,500, inakuja kama bonasi ya kubetia. Bonasi hiyo ikishinda hurudishiwi dau lake, unapata faida tu, kwa hiyo mimi huihesabu kwa 60% ya kilichoandikwa, na chini zaidi kama inaisha muda baada ya siku chache. Kwa hesabu hiyo, baada ya kodi, ofa yako inabaki na thamani ya kama shilingi 160.

Jambo ninalotaka ulishike sana ni hili la kikomo chenyewe. Watu wengi wanaweka 5,000 kwenye ofa, halafu kwa kuwa wameshaipenda mechi wanaongeza 5,000 nyingine kwa odi ya kawaida ya 2.10. Ifanyie hesabu ile ile: faida baada ya kodi ni 4,950, zidisha kwa 0.4505, toa 2,747. Unapata hasi 517. Dau la pili limemeza 496 yote uliyopewa na la kwanza, na limekudai 21 juu yake. Hali ni hiyo hiyo ukiingiza timu hiyo kwenye jamvi la mechi nne za odi za kawaida, kwa sababu ile faida ya kampuni ya 1.057 inazidishwa yenyewe mara nne na kufika karibu 1.25.

Kwa ofa yako, kama 2.60 inalipwa yote kwa fedha taslimu na kampuni nyingine nazo zina 2.10, weka hiyo 5,000 na uishie hapo.