Maswali na majibu: Opsheni ya kuuza ya Kimarekani kwenye mti wa hatua mbili

Maswali ya safari hii yote yanahusu zoezi moja. Hisa iko dola 100 na haitoi gawio. Kila hatua ama inapanda kwa asilimia 10 au inashuka kwa asilimia 10, na riba ni asilimia 3 kwa hatua. Opsheni inampa mwenye nayo haki ya kuuza hisa hiyo kwa dola 105, siku yoyote kabla ya hatua ya pili kwisha au siku hiyo yenyewe.

“Mti nimeuchora, ila p = 0.65 sijui imetoka wapi. Mbona mimi naona hisa hii itashuka?”

Maoni yako kuhusu hisa hayaingii humu. Namba hiyo, yaani uzito unaopewa kupanda kwa hisa, hutafutwa kwa sharti moja: wastani wa bei za hatua inayofuata, ukipimwa kwa p, uwe sawa na bei ya leo iliyowekwa benki kwa asilimia 3.

```
p = (1.03 - 0.9) / (1.1 - 0.9) = 0.65
```

Ukitaka kuhakiki, 0.65 mara 110 ukijumlisha 0.35 mara 90 ni 103 kamili. Ukipata p iliyo juu ya moja, rudi kwenye riba: mara nyingi mtu amechukua riba ya mwaka mzima akaitia kwenye hatua ya miezi michache.

“Nilikokotoa kama opsheni ya Kiulaya, ile inayotekelezwa siku ya mwisho tu, nikapata 5.34. Kutekeleza leo kunalipa 5, basi nikachukua 5.34. Kwa nini nimekosolewa?”

Kwa sababu umelinganisha mara moja tu, mwanzoni. Opsheni ya Kimarekani hukaguliwa kwenye kila fundo, na matokeo ya ukaguzi ndiyo yanayorudishwa nyuma kwenye fundo lililotangulia.

Anzia mwisho. Bei za hisa huko ni 121, 99 na 81, kwa hiyo opsheni inalipa 0, 6 na 24. Rudi hatua moja. Kwenye fundo la 110, kusubiri kuna thamani ya 0.35 mara 6, gawanya kwa 1.03, yaani 2.04. Kutekeleza hapo ni kuuza kwa 105 kitu cha 110, kwa hiyo tunasubiri.

Kwenye fundo la 90 mambo yanageuka. Kusubiri kunatoa (0.65 × 6 + 0.35 × 24) / 1.03 = 11.94. Kutekeleza kunatoa 15 papo hapo. Futa 11.94, andika 15. Hapo ndipo hesabu yako ilipopotea, maana uliibeba 11.94 mpaka mwanzo.

Sasa mwanzoni: (0.65 × 2.04 + 0.35 × 15) / 1.03 = 6.38. Inazidi 5, kwa hiyo leo hatutekelezi, na bei ya opsheni ni dola 6.38. Haki ya kutekeleza mapema peke yake ina thamani ya dola 1.04.

“Kwenye 90, si hisa inaweza kufika 81 nikapata 24? Haraka ya nini?”

Tazama kinachofuata baada ya 90: ama 99 au 81, na zote ziko chini ya 105. Kwa vyovyote utauza kwa 105; kilichobaki kuamuliwa ni lini fedha itaingia mkononi. Dola 105 za hatua ijayo zina thamani ya 101.94 sasa. Tofauti ni 3.06, ndiyo hiyo hiyo iliyopo kati ya 15 na 11.94. Unayemsubirisha ni riba yako mwenyewe. Na kama unaamini hisa itaendelea kushuka, tekeleza kwanza, kisha azima hisa uiuze; huhitaji kushikilia opsheni kwa ajili hiyo.

Kwenye 110 kusubiri kuna maana, kwa sababu hisa ikifika 121 opsheni inakukinga usiwe umeuza kwa 105. Kinga hiyo inapokosa kazi, riba ndiyo inayoamua. Riba ikiwa sifuri, hakuna sababu ya kutekeleza mapema. Na gawio likiwa linakaribia, mara nyingi kusubiri lilipwe kunafaa, maana bei ya hisa hushuka baadaye.

“Nitajuaje kwamba 6.38 ni sahihi bila kuangalia majibu ya mwalimu?”

Jiweke upande wa muuzaji wa opsheni. Amepokea 6.38. Aazime na kuuza sehemu ya hisa ambayo ni (15 − 2.04) / (110 − 90), yaani 0.648. Jumla anayo 71.19, ambayo kwa asilimia 3 inakuwa 73.33. Hisa ikipanda, kurudisha alichoazima kunagharimu 71.29 na anabaki na 2.04. Ikishuka, kunagharimu 58.33 na anabaki na 15, kiasi kamili anachodaiwa. Angeuza kwa 5.34 angepungukiwa. Na mnunuzi akisahau kutekeleza kwenye 90, muuzaji anahitaji 11.94 tu kuendelea kujikinga, na 3.06 zinabaki kwake.