Mwanangu ana PKU: siku aliyogoma kula ndiyo kipimo kilipanda

Binti yangu alichomwa kisigino siku ya tano baada ya kuzaliwa, hapa Uingereza kila mtoto anachomwa, matone machache ya damu kwenye kadi, mimi wala sikutilia maanani. Siku chache mbele simu ikaita, naambiwa nimlete hospitali kesho asubuhi, kitu kinaitwa fenailalanini kwenye damu yake kiko 1,400. Mtoto wa kawaida hafiki 120. Nikamwangalia, ananyonya vizuri, kanenepa, hana dalili hata moja, nikasema hawa wamechanganya kadi za watu.

Hawakuchanganya. PKU, ugonjwa wa kurithi, ndivyo ilivyo, mtoto anazaliwa mzima kabisa kwa sababu tumboni mwili wa mama ulikuwa unamfanyia ile kazi. Kazi yenyewe ni hii: ukila protini, iwe maharage, samaki, ugali au maziwa, inavunjwa kuwa amino asidi, na moja wapo ni fenailalanini. Ini lina kimeng'enya cha kuigeuza kuwa tairosini. Kwa binti yangu hicho kimeng'enya hakifanyi kazi, kwa hiyo inajaa kwenye damu, inapanda kwenye ubongo, na ubongo wa mtoto mchanga ndio kwanza unajengwa. Mtoto asiyetibiwa unaanza kuona mambo akiwa na miezi kadhaa, anachelewa kukaa, degedege, jasho na mkojo vinanuka kama uvundo wa panya, nywele na ngozi zinapauka kwa sababu tairosini ndiyo inayotengeneza rangi. Ukifika hapo kilichoharibika hakirudi. Ndiyo maana wanachoma kisigino mapema, hawasubiri dalili.

Ah na kabla hamjauliza, hatukurogwa. Mimi nimebeba jeni moja mbovu, baba yake kabeba nyingine, sisi wote wazima, kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne.

Nilidhani wataniambia niachishe kunyonyesha. Walinisimamisha siku chache tu, akawa anapewa maziwa maalum yasiyo na fenailalanini kabisa, mimi nakamua yangu nisije nikakauka, damu ikashuka haraka. Baadaye akarudi kwenye ziwa kwa utaratibu: kila akitaka kunyonya anaanza na kipimo cha maziwa maalum kwenye chupa, halafu anamalizia kwangu mpaka ashibe. Akishashiba nusu kwa chupa, kwangu ananyonya kidogo, hesabu inakaa sawa bila kupima ziwa. Mimi niliona ni akili sana hiyo.

Na hamwondolei fenailalanini yote! Hapa ndipo watu wengi wanakosea, hata mimi. Ile kitu mwili unaihitaji na hauwezi kuitengeneza. Kuna mwezi nilijitia mkali, nikambania, kipimo kikaja 60, nikafurahi kweli, kumbe mtoto ana vipele makalioni haviponi, hana hamu ya kula na uzito umesimama. Dayetishani, yaani mtaalamu wa lishe, akaniambia chini ya 120 nayo ni tatizo, sisi tunatafuta kati ya 120 na 360 kwa umri huu.

Sasa ana miaka mitatu na anapewa pointi 6 kwa siku. Pointi moja ni gramu 1 ya protini, ambayo ni kama miligramu 50 za fenailalanini. Hesabu ni rahisi: soma nyuma ya pakiti protini ni gramu ngapi kwa kila gramu 100, halafu chukua 100 ugawe kwa hiyo namba, utapata gramu ngapi ni pointi moja. Unga wa sembe ninaotumia umeandikwa 7, kwa hiyo pointi moja ni gramu 14 za unga mkavu. Kiugali chake cha unga gramu 40 kinakula karibu pointi 3, nusu ya siku imeisha na hajaonja mboga. Unga wa muhogo umeandikwa 1.5, gramu 40 zile zile hazifiki hata pointi moja. Basi nyumbani kwetu ni ugali wa muhogo, na mchuzi wa nyanya, kitunguu na karoti ambavyo hatuvihesabu. Mbaazi za nazi kijiko kimoja cha chakula ni kama pointi nzima. Mahamri nayapika kwa unga maalum wa wanga mtupu, hayafuri, yanatoka kama chapati iliyokata tamaa, lakini anayala.

Hizo pointi 6 peke yake haziwezi kumkuza mtoto. Protini yake kubwa inatoka kwenye yale maziwa ya dawa, yana amino asidi zote isipokuwa fenailalanini na yameongezwa tairosini, anakunywa mara tatu kwa siku pamoja na chakula. Yananuka, siwadanganyi. Lakini hiyo ndiyo dawa yenyewe, kukataa nyama bila kunywa maziwa ni njaa tu.

Nilijifunza vibaya. Mwaka jana alishikwa na homa, siku tatu hali kitu, nikaona bora, protini haiingii, na maziwa ya dawa nikayaacha kwa sababu anatapika. Kabla ya hapo alikuwa 280. Nikachoma kidole, nikatuma kadi kwa posta, jibu 790. Nikaapa hajala kitu! Dayetishani akaniambia, "Amekula, mama. Amejila mwenyewe." Mtoto mwenye homa asiyepata nguvu kutoka nje, mwili unavunja misuli yake, na misuli ni protini, yaani ni kama amekula nyama bila wewe kujua. Homa iliyofuata nilimpa maziwa ya dawa kidogo kidogo, vijiko viwili vitatu kila baada ya dakika chache, katikati maji ya glukosi na juisi, akitaka viazi nampa. Kipimo kilifika 410, wiki iliyofuata kikarudi chini. Na dawa ya homa soma pakiti kwanza, zile za maji zisizo na sukari, baadhi zina aspateimu, E951, ambayo ni fenailalanini ndani ya utamu. Soda za dayeti na bigijii vilevile.

Kwetu sisi homa ina nafasi ya kukosea. Kliniki nilikaa na mama mmoja, mwanawe ana ugonjwa wa ukoo huo huo ila shida yake ni leusini, mkojo unanuka sukari iliyoungua. Yeye mtoto akitapika tu anachanganya kinywaji cha sukari cha dharura alichopimiwa, na kisipokaa tumboni anakimbia hospitali usiku huo huo, kwa sababu ubongo unaweza kuvimba ndani ya masaa, sio miezi kama wetu. Kwa hiyo usichukue ratiba ya mtoto wa mwenzio.

Damu nachukua asubuhi kabla hajanywa maziwa, kila mara saa hiyo hiyo, kwa sababu baada ya kufunga usiku ndipo inakuwa juu zaidi. Nikichukua leo asubuhi, wiki ijayo jioni, najidanganya.

Tulipokwenda Mombasa nilibeba mizani ya jikoni na kopo za maziwa kwenye begi la mkononi, sio la kupeleka chini ya ndege. Mama yangu siku ya kwanza alinuna, "mjukuu wangu anapimiwa chakula kama mfungwa". Siku ya nne namkuta jikoni kavaa miwani, kaweka viazi vya nazi juu ya mizani, anatoa kipande, anarudisha, anatoa tena.