Barua kwa Mwanangu: Kitanda cha Chini

"Shikamoo mama. Fomu ya hosteli ya mwaka wa pili imefunguliwa, mwisho Ijumaa. Kuna sehemu wanauliza hitaji la kiafya. Niandike kwamba nina seli mundu, au niiache wazi kama mwaka jana? Naogopa wakijua wao, hosteli nzima itajua."

Marahaba mwanangu,

Ujumbe wako umenikuta naanika mbaazi, nikaziacha na kuku wakazila. Zile picha za fomu ulizonitumia nimezikuza moja moja, na unanijua, nimeanza kusoma kutoka chini. Chini kabisa kuna kisanduku cha mwenzi wa chumba, na ndani yake umeandika namba ya usajili ya Rehema. Hicho hukuniuliza. Ndicho kilichonikosesha usingizi.

Unajua nilikuwa na pumu usichanani, lakini habari ya Salma sidhani kama nimewahi kukusimulia hadi mwisho. Baba yako anaijua nusu. Mwaka 1994, tulipopata nafasi chuoni, fomu za bweni zilikuwa za karatasi, unapewa na mlezi wa bweni, unajaza kwa kalamu, unarudisha. Palikuwa na mstari mmoja: jina la unayependa kulala naye chumba kimoja. Nikaandika Salma bila kufikiri mara mbili. Tulikuwa tumekula sahani moja tangu darasa la tatu.

Jumamosi orodha ikabandikwa ukutani. Mimi chumba cha 14 na wasichana watatu nisiowafahamu, Salma chumba cha 9. Nikaenda kwa mlezi kifua mbele, nikamwambia mpiga chapa amekosea. Yule mama hakusema neno. Alifungua faili, akatoa fomu mbili, akaziweka mezani sambamba. Yangu ilikuwa na jina la Salma. Ya Salma ilikuwa na jina la msichana wa Lushoto tuliyekutana naye kwenye basi. "Tunaangalia pande mbili, binti," akasema, akafunga faili.

Wiki mbili baadaye, tukiwa bombani tunafua, Salma akaniambia mwenyewe. Usiku ule niliolala kwao nikabanwa na kifua mpaka alfajiri, mama yake alimwonya kwamba atakwenda chuo kusoma, si kuuguza. Alisema hivyo huku anasugua kola ya shati, hakuinua uso. Miaka zaidi ya thelathini sasa, na bado nikisikia harufu ya sabuni ya kipande kwenye ndoo ya bati naiona ile kola.

Sasa utaniambia mama, hiyo ni zamani, siku hizi ni kompyuta. Kompyuta inafanya kazi ya yule mlezi, tena haina hata subira yake. Tazama picha yako ya tatu: mbele ya namba ya Rehema pameandikwa "Inasubiri kukubaliwa". Maana yake ni kwamba wewe umeomba, yeye bado. Asipoingia kwenye akaunti yake akaikubali kabla ya Ijumaa, ombi lako linatupwa kimyakimya na unapangiwa yeyote. Hakuna ujumbe wa kukuarifu. Utajua siku ya orodha, kama mimi.

Na hata akikubali, kuna jambo jingine ambalo nadhani hujaliona. Wewe na Rehema mmechagua chumba cha wanne, jengo lile lile, vizuri. Lakini kwenye ghorofa umeandika ya tatu, kwa sababu Rehema anapenda upepo na mtandao unashika huko. Halafu sehemu ya afya unataka kuiacha wazi. Atakayepanga vyumba ataona msichana mzima anayependa ghorofa ya tatu, atakupa, na hatakuwa amekosea. Ukijaza afya lakini ukaiacha ghorofa ya tatu ilivyo ni vibaya zaidi, maana fomu yako itakuwa inajipinga. Mtu mwenye maombi mengi mezani akikuta fomu ya namna hiyo anaamini upande ulio rahisi kwake.

Karatasi haina macho, Zuhura. Mwalimu wako anakuona umepauka, mimi nikisikia unavyohema kwenye simu najua. Fomu inaona ulichoiandikia tu.

Kwa hiyo sehemu ile, ukiijaza, usimwage maneno. "Nina seli mundu" peke yake haimwelezi mpangaji la kufanya. Mwingine atadhani unahitaji chumba cha peke yako, mwingine atadhani ni malaria inayojirudia. Mwandikie chumba unachokihitaji. Ghorofa ya chini, kwa sababu damu yako ni pungufu na ngazi zinakumaliza pumzi, na ile nyonga ya kushoto tangu mwaka juzi. Kitanda cha chini cha dabodeka, kwa sababu hiyo hiyo. Karibu na choo, na hapa usione haya, eleza. Figo za mwenye seli mundu hazibakizi maji mwilini vizuri, daktari alituambia ukiwa na miaka tisa, tulipokuwa tunakugombeza kwa kukojoa kitandani (Mungu anisamehe lile). Maji lazima unywe mengi, na usiku lazima uamke. Mtu aamke mara tatu, ashuke kitanda cha juu gizani, atembee ukumbi mzima, kisha asubuhi aambiwe mbona umechoka? Ongeza na dirisha lifungike, maana baridi ya alfajiri inakuamsha maumivu.

Novemba iliyopita sitairudia. Ghorofa ya nne, kitanda cha juu, maji yamekatika siku mbili nawe ukawa unapunguza kunywa ili usishuke. Sote tunajua iliishia wapi.

Barua ya daktari ile ya zamani usiiweke. Nimeitafuta, inasema "anaugua sickle cell, apewe msaada", basi. Msaada gani? Nimeshaongea na muuguzi wa kliniki, utakapopita Jumatano watakuandikia mpya. Hakikisha inataja mahitaji yenyewe kama nilivyoyaorodhesha, ina tarehe ya mwaka huu, jina lako kama lilivyo chuoni (si Zuhra bila u, ile ilitusumbua kwenye bima), saini na muhuri unaosomeka. Picha uipige mchana nje, usipige chini ya taa. Fomu yenu inataka PDF isiyozidi 2 MB, kijana wa stesheneri atakupunguzia. Ukishaipakia, ifungue tena uisome wewe mwenyewe. Mtoto wa jirani mwaka jana alipakia ukurasa mweupe, akakaa anasubiri ghorofa ya chini.

Haya, nimeona nimelizunguka ulilouliza. Unaogopa watu kujua.

Kaka yako anasema ipo sheria, ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kwamba habari za afya zimo kwenye zile nyeti ambazo aliyepewa hana ruhusa ya kuzitawanya. Nimemwambia sawa, lakini sheria haikai kaunta. Kaunta anakaa mtu, na watu wanaongea. Kisha nikajiuliza, hivi Salma alijulia kwenye fomu? Hakujulia kwenye fomu. Mimi niliiacha sehemu ya afya wazi, kwa woga huo huo ulio nao wewe. Alijua kwa sababu nilibanwa na kifua mbele yake. Mlezi wa bweni ndiye ambaye hakujua, akanipa kitanda cha juu, chumba kinachopakana na jiko la kuni. Aliyepaswa kujua hakujua, na yule niliyetaka asijue alijua kila kitu. Nimewaza hilo miaka mingi, wala sijaona kwamba ukimya ulinifaa kwa lolote.

Ingawa siwezi kusema haukuwa na maana. Ningeijaza, labda wangeniita ofisini, labda wangeniuliza kama nitamudu masomo. Zamani waliuliza hivyo. Wewe ndiye utakayeishi humo, mimi nitakuwa Tanga na kuku wangu. Lakini karatasi haina macho, narudia.

Kuhusu Rehema nina maoni, na unajua nina maoni. Akikubali ombi lako, atakuja ghorofa ya chini kwenye mbu na makelele ya mlangoni, aache upepo wake. Na anahitaji kuambiwa mapema nini cha kufanya ukishikwa usiku: dawa ziko wapi, ampigie nani kwanza, na asikuache eti umesema utalala ipite. Salma nilimchukia kwa miaka, na siku hizi naona alikuwa na haki ya kukataa. Mtoto wa miaka ishirini, mitihani, anaogopa. Laiti angeniambia kabla ya fomu ningeandika jina la mtu mwingine, tukaendelea kuwa marafiki. Au nisingeandika mtu. Sijui. Pengine ningekasirika vile vile.

Halafu ile habari ya kubebana. Mwaka jana ulimbeba yule binti aliyekosa chumba, mkalala wawili kitanda cha futi tatu muhula mzima, nami nikakusifu kwa huruma. Mwaka huu usimbebe mtu. Hapa sijadiliani.

Fedha sasa. Chumba kikishapangwa, mfumo utakupa kontroo namba, tarakimu 12 zinazoanza na 99. Nitumie hiyo, nilipe mimi mwenyewe kwa simu, nami nitasoma jina linalotokea kabla sijaweka namba ya siri. Usingoje bumu la mkopo. Wamekupa siku tano za kulipa, zikipita chumba kinarudi sokoni hata kama umeambatanisha barua za madaktari kumi. Na mtu yeyote atakayekwambia kuna nafasi ya chini, umtumie kwenye namba yake binafsi, hana chumba huyo. Ile fedha ya tahadhari iliyomo kwenye bili inarudishwa ukiondoka salama, hivyo siku ya kukabidhiwa ufunguo usisaini kabla ya kukagua kitasa, godoro, vioo na soketi, na kilichovunjika kiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano mbele yako. Piga picha. Mwaka jana tumelipa kioo ambacho ulikikuta kina ufa.

Nilikuwa nimeandika sentensi nzima hapa kuhusu Rehema, nimeikata kwa wino, utaona alama. Mpigie kabla ya Alhamisi. Usimtumie ujumbe, mpigie, usikie anavyonyamaza. Mwambie ghorofa ni ya chini na kwa nini. Akisita, futa namba yake kwenye kisanduku na ukiache wazi, wala usimlaumu. Akisema ndiyo, mngoje aingie kwenye akaunti yake akubali huku mko wote kwenye simu, mpaka yale maneno ya kusubiri yaondoke.

Kisha niambie alivyojibu, neno kwa neno, usimpambie.

Mama yako