Usisomeshe ukurasa wa lugha tatu kwa mkupuo mmoja

Babu aliacha bahasha ya makaratasi ya Zanzibar ya enzi za Sultani Khalifa bin Harub. Karatasi moja ni tangazo lililopigwa chapa: juu Kiingereza, katikati Kiarabu, chini Kiswahili. Nililiskani kwa dpi 300, nikaitaka Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, isome lugha zote tatu pamoja, `-l swa+eng+ara`. Nikaona nimemaliza kazi.

Kilichonishtua ni mwaka. Kwenye Kiarabu pameandikwa ١٣٥٥, yaani 1355 Hijria, na mimi nikapata "1T00". Sababu yake ukiitazama tano ya Kiarabu, ٥, utaielewa: ni kiduara, na programu ikishapewa ruhusa ya kusoma herufi za Kilatini, kiduara hicho ni sifuri tu. Kilichoniokoa ni sehemu ya Kiingereza, iliyotaja 1936, na mwaka 1355 ulianza Machi 1936. Karatasi yenye kalenda mbili hujikagua yenyewe.

Chini nako Ng'ambo, ule mtaa wa ng'ambo ya Mji Mkongwe, ilikuwa imekatika vipande viwili: "Ng" na "ambo". Alama ya king'ong'o ilikuwa imepotea.

Siku hizi nakata picha kwanza, kila lugha kipande chake, ndipo nasomesha:

```
tesseract juu.png juu -l eng --psm 6
tesseract kati.png kati -l ara --psm 6
tesseract chini.png chini -l swa --psm 6
```

Hiyo `--psm 6` inaiambia programu kwamba kipande kizima ni aya moja, isianze kutafuta safu. Jina la Kiingereza likijitokeza ndani ya Kiswahili naandika `swa+eng`, Kiswahili kikitangulia, maana lugha ya kwanza ndiyo inayopewa uzito. Kisha natafuta kila "ng" kwenye faili na kuilinganisha na picha kwa macho. Inachosha, lakini karatasi moja haina nyingi.

Faili la Kiarabu likionekana limegeuka kinyume, usilipindue kwa mkono! Mimi nililipindua, nikaharibu jioni nzima. Herufi huhifadhiwa kwa mpangilio wa kusomwa, na mara nyingi kosa ni la dirisha unalotazamia. Lifungue LibreOffice, weka aya ianze kulia. Likisomeka, faili ni zima.

Pana mtego mmoja zaidi: Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Pembeni mwa tangazo langu kulikuwa na neno پواني, "pwani". Kwa `ara` lilitoka بواني, "bwani", kwa sababu Kiarabu hakina "p". Kipande hicho nilikisomesha kwa `fas`, Kiajemi, chenye پ na چ. Ila Kiajemi nacho huleta ی yake badala ya ي, kwa hiyo nilizirudisha moja moja. Na maelezo ya babu ya kalamu ya wino? Hayo nimeyachapa mwenyewe, maana Tesseract haisomi mwandiko wa mkono.