Pluto na majirani zake

Shuleni nilikariri sayari tisa. Nani aliketi akaamua ziwe nane?

Ni kura ya Umoja wa Kimataifa wa Astronomia, iliyopigwa Praha tarehe 24 Agosti 2006, ndiyo iliyoiondoa Pluto katika sayari. Kilichowafikisha huko ni Eris, kitu kinacholizunguka Jua ng'ambo ya Neptuni. Picha zake zilikuwa zimepigwa mwaka 2003 kwa darubini ya Palomar, California, lakini programu ya kompyuta iliiruka kwa sababu ilikuwa ikisogea polepole mno. Mwanaastronomia Mike Brown na wenzake wawili walipozichambua upya picha zile, Januari 2005, wakaiona: nukta inayojongea kidogo sana mbele ya nyota zilizotulia. Mwendo huo wa pole ndio uliowaonyesha kwamba iko mbali kuliko Pluto, na kitu kinachong'aa hivyo kutoka mbali namna ile hakiwezi kuwa kidogo. Makadirio ya mwanzo yaliifanya kubwa kuizidi Pluto.

Hapo pakawa na njia mbili tu. Ama Eris ihesabiwe sayari ya kumi, na nyingine za aina yake ziingie kila zinapogunduliwa, ama Pluto itoke. Hadi siku ile neno "sayari" halikuwa na maana rasmi iliyoandikwa mahali popote.

Kwa hiyo kipimo ni ukubwa? Kilomita ngapi zinatosha?

Hakuna idadi ya kilomita iliyowekwa. Sayari inatakiwa ilizunguke Jua, iwe nzito kiasi cha mvutano wake wenyewe kuifinyanga iwe mviringo, na iwe imesafisha njia yake. Sayari kibete, kundi walilowekwa Pluto na Eris, hutimiza masharti mawili ya kwanza, hushindwa la tatu, na isiwe mwezi wa kitu kingine.

Kuhusu ukubwa, vipimo vya baadaye viliipa Pluto upana wa kilomita 2,377 na Eris 2,326. Lakini Eris ndiyo nzito zaidi, kwa takriban robo. Tumelijua hilo kwa kuuangalia mwezi wake, Disnomia: kadiri kitu kilivyo kizito, ndivyo mwezi ulioko umbali uleule unavyokizunguka kwa kasi zaidi.

Kusafisha njia ni kufanya nini? Mbona Mshtarii ina maelfu ya asteroidi, miamba inayolizunguka Jua, katika njia yake na bado ni sayari?

Hili ndilo sharti lenye uzito wote, na kwa maoni yangu liliandikwa kwa maneno mabaya. "Kusafisha" kunamfanya msomaji afikirie njia tupu, wakati hakuna sayari yenye njia tupu. Linaloulizwa hasa ni nani mwenye amri mahali pale.

Zile asteroidi za Mshtarii zimejipanga makundi mawili, moja mbele yake na jingine nyuma, kwa sababu mvutano wa Mshtarii pamoja na ule wa Jua umezishika pale. Sasa itazame Pluto. Njia yake inaingia ndani ya ile ya Neptuni. Kati ya 1979 na 1999 ilikuwa karibu na Jua kuliko Neptuni. Hazigongani, kwa kuwa kila Neptuni inapolizunguka Jua mara tatu, Pluto inalizunguka mara mbili kamili, na mpangilio huo huziweka mbali kila Pluto inapoikatiza njia ya mwenzake. Aliyeweka mpangilio huo ni Neptuni. Pluto inafuata tu, na kuna vitu vingine vingi vinavyofuata mwendo huohuo.

Uzito nao unasema vilevile. Dunia ina uzito zaidi ya mara milioni moja ya vitu vingine vyote vilivyobaki katika eneo la njia yake. Pluto haifikii hata sehemu moja kwa kumi ya uzito wa majirani zake. Azimio la Praha halikutaja tarakimu yoyote, na hilo ni pengo la kweli, ila kati ya sayari nane na hizo nyingine tofauti ni kubwa kiasi kwamba hakuna inayokaa katikati.

Sayari kibete ziko ngapi, na zote ziko huko mbali?

Zinazotambuliwa rasmi ni tano. Pluto, Eris, Haumea na Makemake ziko ng'ambo ya Neptuni. Orodha inaweza kurefuka, maana kutoka huku ni vigumu kuthibitisha kwamba nukta fulani ni mviringo.

Ya tano, Ceres, iko kati ya Mirihi na Mshtarii, na yaliyoipata Pluto iliyaonja zamani. Giuseppe Piazzi aliigundua mwaka 1801, ikaitwa sayari kwa karibu nusu karne, mpaka majirani zake walipoonekana wengi ikashushwa kuwa asteroidi. Kura ileile iliyoiondoa Pluto ndiyo iliyoipandisha Ceres.