Geimu ya biti 32 kugoma kwenye Mac mpya: achana na toleo la Mac, chukua la Windows

> "Wakuu, nimenunua MacBook Air M1 na nimehamishia kila kitu kutoka Mac yangu ya zamani. Portal 2 nikibonyeza Play kwenye Steam haifunguki, na ikoni yake imewekwa duara lenye mstari. Nimeifuta nikaishusha upya, wapi. Nifanyeje?"

Mkuu, usiishushe tena. Faili utakazopata ni zilezile, na hazina kasoro yoyote. Mimi nacheza Portal 2 hiihii kwenye M1, na inakwenda vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye Mac yangu ya Intel, ila ninayocheza ni toleo la Windows. Nitakueleza sababu kwanza, maana ukiielewa hutapoteza muda kwenye zile dawa zinazozungushwa huko mitandaoni.

Hakikisha kwanza ugonjwa ni huu. Fungua Terminal uandike:

```
cd ~/Library/Application\ Support/Steam
file "steamapps/common/Portal 2/portal2_osx"
```

Ukiona jibu limetaja `i386` peke yake, bila `x86_64` wala `arm64`, basi programu hiyo ni ya biti 32 tupu. Ukijaribu kuiendesha hapohapo Terminal utaambiwa `bad CPU type in executable`. Huo si ujumbe wa Mac kukataa programu ya mtu isiyemjua, kwa hiyo kubonyeza kulia na kuchagua Open, au kubadilisha ruhusa za faili, hakusaidii kitu.

Kilichotokea ni hiki. Mac ziliendesha programu za biti 32 mpaka Mojave, yaani 10.14. Catalina, 10.15, iliyotoka Oktoba 2019, ikaziondoa kabisa. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanadhani tatizo ni kichakataji. Hapana. Hata Mac ya Intel, ambayo kichakataji chake kinaisoma i386 bila shida, inaigomea geimu hii ukishaiweka Catalina. Programu haijitegemei. Ikitaka kuchora dirisha, kutoa sauti au kusoma kipanya, inaita maktaba za mfumo, na programu ya biti 32 lazima iite maktaba za biti 32. Apple waliziondoa maktaba hizo zote kwenye macOS. Ndiyo maana hakuna swichi ya kuwasha: kitu cha kuwashiwa hakipo tena.

Rosetta 2 nayo haikuokoi kwa njia hiyo. Kazi yake ni kutafsiri programu za Mac za Intel za biti 64. Ukiipa programu ya Mac ya i386, jibu ni lilelile.

Sasa jambo ambalo watu huliona kama mzaha mpaka walijaribu. Toleo la Windows la Portal 2 nalo ni la biti 32, lakini linafunguka. Linafungukaje? Wine, ile programu inayoendesha vitu vya Windows bila Windows yenyewe, inakuja na maktaba zake. Geimu inapoita maktaba ya Windows ya biti 32, Wine ndiyo inayoitika, kisha inaligeuza ombi hilo kuwa la biti 64 kabla ya kulifikisha kwa macOS. CodeWeavers, wanaotengeneza CrossOver, yaani Wine iliyokwisha kupangwa tayari kwa matumizi, ndio walioifanya kazi hiyo, na CrossOver 19 ya Desemba 2019 ikawa na uwezo huo. Kwenye M1, Rosetta inatafsiri maagizo ya kichakataji, Wine inashughulikia maktaba. Kwa ufupi, toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Mac limefungiwa nje, na la Windows limebaki na mlango.

Fanya hivi. Kama Rosetta haipo, iweke:

```
softwareupdate --install-rosetta
```

Kisha weka CrossOver. Ni ya kulipia, lakini wanakupa siku 14 za kujaribu bure, na hizo zinatosha kujua kama geimu yako inakwenda. Ndani yake tafuta Steam na uisakinishe. Itatengeneza "chupa", ambayo ni folda iliyopangwa kama diski ya Windows. Ingia kwa akaunti yako ileile. Hununui upya, kwa sababu ukishanunua Portal 2 kwenye Steam matoleo yote ya mifumo ni yako.

Usibonyeze Install bado. Geimu hii inataka nafasi ya GB 8 hivi, na wengi wetu tunashusha kwa bando. Sehemu kubwa ya uzito huo ni ramani, picha na sauti, ambazo unazo tayari kwenye folda ya Mac. Funga Steam zote mbili, kisha nakili:

```
cd ~/Library/Application\ Support
D="CrossOver/Bottles/Steam/drive_c"
D="$D/Program Files (x86)/Steam/steamapps/common"
mkdir -p "$D"
cp -R "Steam/steamapps/common/Portal 2" "$D/"
```

Kama chupa yako umeipa jina lingine, badilisha hilo neno `Steam` linalofuata `Bottles`. Sasa fungua Steam ya ndani ya chupa ubonyeze Install. Itazikagua faili ilizozikuta na kushusha zinazokosekana tu, hasa zile za kuendeshea kwenye Windows.

Kwenye mipangilio ya chupa utaona D3DMetal. Hiyo ni ya DirectX 11 na 12, na Portal 2 ni DirectX 9, kwa hiyo usiihangaikie. Tarajia geimu kukwamakwama kidogo mara ya kwanza unapoingia chumba kipya, halafu inatulia. Ikiwa inakwama muda wote, shusha ukubwa wa picha ndani ya geimu kabla hujagusa kitu kingine chochote.

Kuna atakayekushauri uweke Whisky, programu nyingine ya Mac inayotumia Wine, kwa sababu ni ya bure. Mwenye mradi aliacha kuiendeleza 2025, mimi nisingeanzia hapo. Wine tupu nayo ni ya bure, ila kila kitu utakipanga kwa mkono wako.

Mwingine atakwambia rudisha Mojave. Kwenye M1 haiwezekani, wala ndani ya mashine pepe, kwa sababu Mojave ni ya Intel. Kwenye Mac yako ya zamani, kama ni ya kabla ya mwishoni mwa 2019, unaweza kuiweka kwenye volyumu ya pembeni ya APFS bila kugawa diski upya. Ushauri huo ulikuwa mzuri sana zamani. Lakini Steam yenyewe iliacha kuhudumia Mojave Februari 2024, kwa hiyo njia hii naipendekeza kwa geimu za diski au zisizohitaji Steam.

Halafu kabla hujaiuza au kuifuta hiyo Mac ya zamani, nenda kwenye folda ya `Portal 2`, ndani ya `portal2`, utafute folda ya `SAVE`, unakili kila chenye `.sav` kwenye flashi. Steam Cloud huzihifadhi, lakini kama Mac ile ilikaa bila intaneti siku ulizocheza mwisho, hatua zako za karibuni zitakuwa kwenye diski yake tu.