Sindano ya goti na kopo la unga: la kuwafundisha wakimbiaji wa sekondari

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika sekondari moja Elgeyo Marakwet. Wakimbiaji wangu wana miaka 14 hadi 17. Mmoja alidungwa sindano ya goti kwenye duka la dawa, mwingine ameletewa kopo la unga wa protini na binamu yake. Nikiwaambia "msitumie dawa haramu" wanaitikia tu. Niwafundishe vipi waelewe?

Jibu: Mwalimu, anza na hiyo sindano. Kijana akisikia "dawa haramu" anamwazia mtu aliyejifungia chumbani akijidunga kwa siri. Hajioni yeye, aliyeumwa goti akaenda kutibiwa.

Nenda naye kwa yule aliyemdunga, muulize mambo matatu: dawa gani, kiasi gani, imeingia wapi. Mara nyingi kichupa kitakuwa kimeandikwa triamcinolone acetonide. Ni steroidi ya kutuliza uvimbe, tofauti na zile za kujaza misuli, na imewafanya wakimbiaji wengi wa Kenya wafungiwe kushindana. Tangu 1 Januari 2022, sindano yoyote ya jamii hii hairuhusiwi wakati wa mashindano, iwe ya msuli, mshipa au kiungo. Na "wakati wa mashindano" huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mbio.

Sasa chukua chaki. Tuseme alidungwa 3 Juni na mbio ni 20 Julai. Hizo ni siku 47. Kama dawa iliingia ndani ya goti lenyewe, muda unaoelekezwa na shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, WADA, ni siku 10, kwa hiyo amevuka. Kama iliingia kwenye kalio, muda ni siku 60, maana dawa hukaa msulini ikivuja kidogo kidogo. Hadi 2 Agosti bado yumo hatarini. Dawa ni ileile na kijana ni yuleyule, ila sindano imeingia pengine. Waache wapige hesabu wenyewe. Waambie pia kwamba siku hizo zimewekwa kwa dozi za kawaida. Aliyezidishiwa hana uhakika. Aliyetibiwa kwa haki aombe kibali cha tiba kwa ADAK, shirika la Kenya la kupambana na dawa hizi, kupitia daktari, huku kumbukumbu zote za hospitali zikiwa mkononi.

Kuhusu afya, usiwatishe na kifo. Waeleze kinachotokea. Juu ya kila figo kuna tezi inayotengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kustahimili ugonjwa, jeraha na mchoko. Dawa hii inaiga kotisoli. Mwili ukiona imejaa, tezi hupunguza kazi au hulala kabisa. Wanaoitumia vibaya wanataka uchungu upungue na wakonde, na kweli huenda wakajisikia wepesi kwa muda. Lakini sindano zikirudiwa kano hulegea na zinaweza kukatika, mifupa hupungua uimara, na mtoto anayekua huenda asirefuke inavyopaswa. Tena goti lisilouma si goti lililopona. Kijana anaendelea kukimbilia jeraha asilolisikia, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi ninapowaona kliniki wakiwa na miaka 17.

Kuhusu haki, wasimulie mbio za marathoni za Boston, Marekani, za 11 Oktoba 2021. Diana Kipyokei alimaliza wa kwanza kwa saa 2:24:45. Edna Kiplagat akaja wa pili kwa 2:25:09. Sampuli ya Kipyokei ilikutwa na dawa hii hii. Mwishoni mwa 2022 alifungiwa miaka 6, kwa sababu ya dawa na pia kwa nyaraka za hospitali zilizobainika kuwa za kughushi. Kiplagat akatangazwa mshindi. Mwulize mwanafunzi wako: ule utepe wa mwisho nani aliukata? Sekunde 24, na zaidi ya mwaka mzima mshindi halali anaitwa wa pili.

Tuje kwenye kopo. Maabara moja ya Ujerumani iliwahi kupima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kwa hiyo kusoma lebo hakutoshi. Homoni ikikutwa kwenye mkojo wa mkimbiaji, kosa ni lake, hata kama kopo lilitoka kwa binamu. Chini ya miaka 16 adhabu inaweza kupunguzwa, lakini matokeo ya mbio hiyo yanafutwa. Kwa umri huo ugali, maharagwe, mayai na maziwa vinampa protini ya kumtosha. Mwambie alirudishe kopo likiwa limefungwa. Kama tayari ameonja, andikeni jina la bidhaa na namba ya toleo iliyo chini ya kopo, na mhifadhi unga uliobaki ili uweze kupimwa akiulizwa.